Tope moja, mawe matatu: kutoka Miritini hadi milima ya Taita

Jirani yangu alipokuwa akijenga baraza ya nyumba yake, aliletewa lori la kokoto kutoka bara. Zilikuwa zikimeremeta kama zilizonyunyiziwa fedha, naye akazipenda. Fundi akaokota moja, akaigonga nyundo, ikachambuka vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu. Akazikataa zote. Zege, alisema, litapasuka palepale penye maganda.

Jirani alidhani jiwe lile limeoza. Halikuoza. Lilipikwa na kubanwa, na maganda yale ndiyo alama ya kubanwa kwake.

Ili tuelewe, tuanzie kwetu. Ukitoka kisiwani Mombasa ukapita Changamwe hadi Miritini, chini yako kuna mwamba wa tope lililotua baharini katika kipindi cha Jurasiki, zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita. Ni laini na hauna mng'aro. Matabaka yake ni ya kutua tu: tope juu ya tope. Mwamba huu haujapikwa.

Sasa tuseme mwamba kama huo umezikwa chini ya milima inayosukumana. Kwa kawaida, kila kilomita moja ya kwenda chini huongeza joto la nyuzi 25 hadi 30. Ukifika kilomita kumi hivi, joto ni kama nyuzi 300, na chembe za udongo zinaanza kugeuka kuwa ulanga, madini yenye umbo la vijikaratasi.

Hapo ndipo mbano unapofanya kazi yake. Chukua donge la unga wa chapati, uchanganye na mbegu za tikiti, kisha ulibane baina ya vibao viwili. Mbegu zitalala bapa, zikielekeza uso kwenye vibao. Ulanga nao hufanya hivyo: vijikaratasi vya zamani hugeuzwa, na vipya hukua kwa kulala kukingama na nguvu inayobana. Jiwe linapata kurasa. Na kwa kuwa milima mara nyingi hubanwa kutoka ubavuni, kurasa hizo huweza kusimama wima, zikikata matabaka ya zamani ya tope. Ukiona mistari ya rangi inapita upande mmoja na jiwe linapasuka upande mwingine, mistari ni tope lilivyotua, na mpasuko ni mbano.

Jiwe la hatua hii ya kwanza ndilo sleti, lile la vibao vya kuandikia vya zamani. Ulanga wake ni mdogo mno, huuoni kwa macho. Kwa hivyo hupasuka bapa na laini, na ukiligonga hulia kidogo kama kigae.

Joto likipanda hadi nyuzi 400 au 500 na zaidi, ulanga unakua mpaka unauona, na pengine unaota ganeti nyekundu katikati yake. Hii ndiyo shisti, jiwe la jirani yangu. Mmeremeto ule ni nyuso za ulanga zote zikitazama upande mmoja, na ndipo jiwe linapochambuka.

Ukipita nyuzi 600, mambo yanageuka. Ulanga mwingi hauwezi kustahimili joto hilo. Unavunjika, unatoa maji, na mahali pake panakua felspa na ganeti. Madini meupe yanajitenga na meusi, na jiwe linabaki na mistari mipana. Hii ni naisi. Kwa kuwa ulanga umepungua na chembe zimeshikana, naisi haichambuki kirahisi kama shisti, ingawa mistari yake ni mikubwa zaidi. Joto likizidi hapo, jiwe linaanza kuyeyuka.

Ukipanda barabara hadi Voi na milima ya Taita utaiona naisi hii. Si tope la Miritini lililopikwa; ni kongwe zaidi, iliyopikwa zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Wala si naisi yote iliyokuwa tope, kwa sababu hata matale yakibanwa huwa naisi. Utajuaje? Tazama madini yake. Katika kilima cha Murka, Taita Taveta, palichimbwa kayanaiti, madini yanayohitaji alumini nyingi, na udongo wa mfinyanzi ndio wenye alumini nyingi. Hiyo ni dalili kubwa ya tope la kale.

Basi ukiletewa kokoto, pasua moja kabla lori halijamwaga. Likipasuka bapa bila kumeremeta, ni sleti. Likimeremeta na kuchambuka, ni shisti, lirudishe. Likiwa na mistari myeupe na myeusi, na nyundo ikadunda, ni naisi. Hilo mwambie fundi alitazame.