Kanuni mpya, saini hakuna

Meneja wa duka jijini Nairobi anabandika tangazo ubaoni: kuanzia Jumatatu, sare ni lazima na zamu ni saa kumi badala ya nane. Hakuna aliyetia saini.

Sare itawabana. Ni utaratibu wa kawaida wa kazi, kutangaziwa kunatosha. Saa za kazi ni sehemu ya mkataba wenyewe. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri ashauriane na mfanyakazi, kisha amjulishe badiliko kwa maandishi. Tangazo la ubaoni si mashauriano.

Ila kunyamaza kuna hatari: ukifanya zamu hiyo miezi mingi bila kulalamika, mwajiri atadai ulikubali. Andika barua ya kupinga mapema, ubaki na nakala.