Picha ya kopo la rangi inaposomwa vizuri

Fundi yuko dukani Muheza, mwenye nyumba yuko kazini Dar es Salaam. Simu inaingia ujumbe: picha ya kopo la lita 4, na chini yake maneno machache, "Dada, nimeikuta hii, niichukue?" Wengi hutazama rangi iliyochorwa kwenye kopo, wakaona imependeza, wakatuma pesa. Lakini picha hiyo ina majibu ya maswali matatu ya maana zaidi: ukuta utang'aa kiasi gani, kopo litatosha eneo gani, na je, rangi hiyo ni ya mahali inapokwenda kupakwa.

Tuseme kazi yenyewe ni chumba cha kulala, na kuta zilizopigwa lipu zimekauka vizuri. Upande wa mbele wa kopo, chini ya jina la kampuni, huwa na neno la mng'ao. Likiandikwa "Matt", ukuta hautang'aa. Rangi ya namna hiyo husitiri mabonde na alama za mwiko, ila ukiisugua mara kwa mara huchakaa na kubaki na madoa. "Silk" ina mng'ao laini na hustahimili kufutwa kwa kitambaa chenye maji, kwa hiyo inafaa korido na chumba cha watoto. Ubaya wake ni kwamba mwanga wa dirishani ukipiga ubavuni, kila kasoro ya lipu inaonekana. "Gloss" hung'aa sana, na kwa kawaida ni rangi ya mafuta ya milango, fremu na madirisha ya chuma.

Hapo ndipo wengi huishia, na hapo ndipo kosa hutokea, kwa sababu habari nzito ziko nyuma ya kopo kwa herufi ndogo. Fundi aombwe picha ya upande huo pia. Kopo ni la duara, hivyo maandishi ya pembeni hupinda na kupotea. Picha mbili au tatu, kila moja ikitazama sehemu yake kwa karibu, zinasomeka kuliko moja ya mbali. Asiwashe mwanga wa kamera, maana lebo ikimetameta tarakimu hazionekani.

Cha kutafuta kwanza ni rangi inachanganywa na nini. Lebo ikisema maji, ni rangi ya maji, na brashi itaoshwa kwa maji. Ikitaja tapentaini au spiriti, ni rangi ya mafuta, hata kama mbele kuna picha ya sebule nzuri. Tofauti hii ina uzito kwenye lipu mpya. Saruji na chokaa ambazo hazijakomaa zina alkali kali; ikikutana na mafuta ya rangi huyageuza kuwa kitu kama sabuni. Rangi inabaki ikinata, kisha inabanduka. Kwa kawaida lipu huachwa wiki 4 hivi, na zaidi wakati wa mvua, halafu hutangulia praima inayostahimili alkali. Papo hapo itazamwe kama pameandikwa "Interior" peke yake. Hiyo ni ya ndani tu; haikutengenezwa kwa jua na mvua za ukuta wa nje.

Kisha linakuja eneo. Tuseme nyuma pameandikwa 10–12 m²/L, na mbele ya tarakimu hizo kuna neno "per coat", yaani kwa kila mkono mmoja wa rangi. Chumba kina urefu wa mita 4, upana mita 3.5 na kimo mita 2.8. Mzunguko wake ni mita 15, hivyo kuta zote ni mita za mraba 42. Ukitoa mlango na madirisha mawili, zinabaki kama 36.5. Kwa kiwango cha chini cha lebo, mkono mmoja utakula lita 3.65. Anayesahau lile neno la mkono mmoja ataona kopo moja linatosha. Kuta zinahitaji mikono miwili, lita 7.3, yaani makopo mawili.

Hata hivyo tarakimu ya lebo hupatikana kwenye ukuta laini usionyonya. Lipu yenye chembechembe hunywa rangi. Ikishuka hadi mita 8 kwa lita, chumba hichohicho kitataka zaidi ya lita 9, na kopo la tatu. Praima hupunguza unyonyaji huo. Fundi anayeongeza maji kupita kiasi kilichoandikwa kwenye lebo ataifikisha rangi mbali zaidi, lakini ukuta wa zamani utaonekana kupitia rangi mpya na mkono wa tatu hautaepukika.

Picha ya mwisho ni ya namba ya toleo, ambayo mara nyingi huchapwa kwenye kifuniko au chini ya kopo. Makopo yote ya chumba kimoja yawe na namba moja, kwa kuwa matoleo mawili ya rangi yenye jina lilelile yanaweza kutofautiana kidogo. Zikikosekana zinazolingana, fundi amimine makopo yote kwenye ndoo moja kubwa na kukoroga kabla hajagusa ukuta.