Ami, nichapie karatasi ya daktari

Nina saiba ndogo hapa Majengo, Mombasa. Jumatano moja asubuhi aliingia kijana wa mtaa wetu, mpakiaji mizigo katika ghala huko Shimanzi. "Ami, nichapie karatasi ya daktari ya siku mbili," akaniambia. "Mfano wake ninao kwenye simu." Jumatatu na Jumanne alikuwa akiendesha, akalala nyumbani bila kwenda kutibiwa.

Kwamba aliugua, sikuwa na shaka. Hata hivyo nilikataa. Karatasi ya daktari haisimami peke yake. Nyuma yake kuna daftari la kliniki lenye jina la mgonjwa na tarehe aliyoonwa. Mwajiri akishuku, hupiga simu kliniki. Jina lisipokuwamo, aliyeugua kweli huonekana mwongo na hufutwa kazi. Tena Kanuni ya Adhabu inasema kughushi hati ni kosa la kifungo cha hadi miaka 3, na anayeitumia hati hiyo akijua ni ya uongo ana adhabu hiyo hiyo. Tungeingia sote wawili.

Na alichotaka kukiiba kilikuwa haki yake. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 nyengine kwa nusu mshahara, kila miezi 12. Sharti alete cheti cha daktari, na amjulishe mwajiri mapema awezavyo.

Nikamwambia ampigie msimamizi wake simu pale pale, kisha aende kliniki na kitambulisho. Akiingia kwa daktari aanze hivi: "Nimeugua tangu Jumatatu, bado sina nguvu. Kazi yangu ni kubeba mizigo, nahitaji cheti cha kumpa mwajiri." Ukilisema mwanzo, maelezo yako huandikwa kwenye faili.

Usimwombe daktari arudishe tarehe nyuma. Huandika siku aliyokuona, na anaweza kuongeza kwamba mgonjwa aeleza aliugua tangu siku fulani. Kabla ya kutoka, soma: jina liwe kama la kitambulisho, siku za mapumziko ziwe na mwanzo na mwisho, pawe na jina la daktari, sahihi na muhuri. Kama hutaki kazini wajue maradhi yako, mwombe asiyataje. Aandike tu kwamba huwezi kufanya kazi.

Adhuhuri kijana alirudi kutoa kopi. Cheti kilikuwa cha Jumatano, mapumziko siku 2, na maelezo yake kwamba aliugua tangu Jumatatu. Ile Jumatatu na Jumanne alikatwa mshahara, maana hakupiga simu wala kuonwa na daktari. Zile siku 2 za cheti alilipwa, na Ijumaa alirudi ghalani kazini kwake.