Kabla Hujakubali Chekimeti

Wachezaji wengi wa chesi wameshindwa na neno, si na kete. Mpinzani anasogeza kete yake, anaigonga ubaoni kwa kishindo na kusema "chekimeti", naye mwenzake anamlaza mfalme chini bila hata kuhesabu. Mtazamaji aliyesimama nyuma anauliza, "Mbona hukumla yule farasi?" Hapo maji yameshamwagika. Kwa kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Chesi, FIDE, mchezaji akitamka kwamba amekubali kushindwa, mchezo unaishia hapo hapo, hata kama mfalme wake alikuwa na njia ya kuponea.

Chekimeti, neno ambalo asili yake ni maneno ya Kiajemi shah mat, haitegemei maoni ya mtu. Ni dai linalopimwa. Mfalme aliyeshambuliwa ana milango mitatu tu: kete inayomshambulia iliwe, njia ya shambulio izibwe, au yeye mwenyewe ahamie mraba salama, hata kwa kula kete iliyosimama hapo. Kujificha kwa kubadilishana nafasi na ngome hakuruhusiwi akiwa ameshambuliwa. Milango yote mitatu ikifungwa, mchezo umekwisha. Ukibaki hata mmoja wazi, hiyo ni cheki tu.

Tuchukue mchezo mmoja maarufu tuupime. Unahusishwa na Légal, bingwa wa Paris wa karne ya 18 aliyekuwa mwalimu wa Philidor. Panga ubao ufuatilie. Herufi a hadi h huhesabiwa kutoka kushoto kwa mwenye kete nyeupe, na namba 1 hadi 8 kutoka upande wake kwenda kwa mpinzani.

Nyeupe anapeleka askari e4, nyeusi anajibu e5. Farasi mweupe anakwenda f3, askari mweusi d6. Askofu mweupe anasimama c4, askofu mweusi g4, akimbana yule farasi wa f3 ambaye nyuma yake yuko malkia. Farasi wa pili wa nyeupe anatoka hadi c3, na nyeusi anasogeza askari g6. Sasa nyeupe anafanya jambo linaloonekana la kichaa: farasi aliyebanwa anaruka na kumla askari wa e5, huku malkia akiachwa wazi. Askofu mweusi hakawii, anamla malkia pale d1. Askofu mweupe anamla askari wa f7 na kutoa cheki. Mfalme mweusi ana mraba mmoja tu wa kwenda, e7. Kisha farasi wa c3 anatua d5, na nyeupe anatangaza chekimeti.

Nyeusi ana malkia, nyeupe hana. Je, dai hilo ni kweli?

Swali la kwanza ni nani hasa anamshambulia mfalme. Farasi wa d5, peke yake. Askofu wa f7 na farasi wa e5 wako jirani, lakini hawamgusi mfalme aliyeko e7. Jibu hili ndilo linaloongoza kazi yote iliyobaki, kwa sababu anayetakiwa kuliwa au kuzuiwa ni huyo mmoja tu.

Je, anaweza kuliwa? Usiulize kwa jumla jumla. Ipitie kila kete nyeusi. Malkia wa d8 anatazama chini kwenye safu ya d, lakini askari wake mwenyewe wa d6 amemzibia. Askari huyo naye yuko uso kwa uso na farasi, ila askari hali mbele, hula mshazari. Farasi mweusi wa b8 anafika a6, c6 na d7. Yule wa g8 anafika f6 na h6, maana e7 yumo mfalme wake. Askofu wa d1, aliyetoka kumla malkia, anapiga mishazari isiyopita d5. Askofu wa f8 na ngome mbili za pembeni hawafiki. Mlango wa kwanza umefungwa.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Askari wa d6 anaweza kumfikia farasi wa e5, na mkono hukimbilia kumla. Akimla, safu ya d inafunguka na malkia anamwona farasi wa d5. Inavutia, lakini ni haramu: farasi wa d5 bado anamshambulia mfalme, na zamu moja haitoshi kumla wa e5 kwanza kisha wa d5. Kumla msaidizi hakuondoi cheki.

Mlango wa pili ni kuziba njia. Farasi huruka, hana njia ya kuzibwa. Swali hili lingehitaji muda kama mshambuliaji angekuwa malkia, ngome au askofu aliye mbali, na hapo kila mraba ulio katikati ungepimwa.

Umebaki mlango wa tatu. Mfalme aliyeko e7 amezungukwa na miraba minane. Mitatu imekaliwa na watu wake: malkia d8, askofu f8 na askari d6. Imebaki mitano. Mraba wa e8 unapigwa na askofu wa f7, na e6 pia. Mraba wa d7 unapigwa na farasi wa e5. Mraba wa f6 unapigwa na farasi wa d5. Wa mwisho ni f7 wenyewe, alipo askofu: mfalme angeweza kumla, lakini farasi wa e5 anamlinda. Mitano yote imefungwa. Dai ni kweli.

Sasa badilisha jambo moja tu. Chukulia askari mweusi wa c7 angekuwa c6. Picha ni ile ile, mfalme amezingirwa vile vile, na nyeupe angetamka neno lile lile kwa sauti ile ile. Lakini askari wa c6 anamla farasi wa d5, cheki inaisha, na nyeupe amebaki hana malkia. Ndiyo maana kutazama mfalme alivyobanwa hakutoshi. Kete zilizo mbali naye nazo zihesabiwe.

Yako makosa mawili mengine ambayo mchezo huu hauyaonyeshi. La kwanza ni kivuli cha mfalme. Ngome ikiwa e1 na mfalme e5, mraba wa e6 huonekana salama kwa sababu mfalme mwenyewe anaukinga. Akirudi nyuma, kinga inaondoka naye, na ngome inampata pale pale. Kwa hiyo unapopima mraba, mwondoe mfalme akilini kwanza. La pili ni ulinzi wa kete iliyobanwa. Kete isiyoweza kusogea kwa kuwa inamkinga mfalme wake bado inalinda miraba yake, na mfalme wa upande wa pili haruhusiwi kuikanyaga.

Hesabu ya mchezo wa Légal ni mshambuliaji mmoja na miraba mitano, kazi ya nusu dakika. Saa yako ikiwa bado inatembea, nusu dakika hiyo ni yako. Itumie kabla hujanyoosha mkono.