Hakuna Aliyeonekana Kuambukizwa: Je, Usubi Umekwisha?

Tuseme katika bonde lenye ugonjwa wa usubi, uletao upofu, watoto 100 wamepimwa damu ya kidoleni na hakuna aliyeonekana kuambukizwa. Je, kamati isimamishe ugawaji wa kingatiba? Hapana. Hata kama mtoto 1 katika kila 100 ameambukizwa, ipo nafasi ya 37 katika 100 kwamba kipimo hicho kitawakosa wote kwa bahati tu.

Hapa wataalamu hutumia kanuni ya tatu. Asipopatikana hata mmoja, gawanya 3 kwa idadi ya waliopimwa. Kwa watoto 100 jibu ni asilimia 3: maambukizi yanaweza kufikia kiwango hicho, kwa uhakika wa asilimia 95. Kwa watoto 300, ni asilimia 1.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka 10 yawe chini ya asilimia 0.1. Basi 3 ÷ 0.001 ni 3,000. Kwa hesabu hii, watakaopimwa wasipungue idadi hiyo, na gharama yake ndiyo hiyo.

Lakini kanuni hudai watoto wachaguliwe kwa kura na kipimo kisiwakose walioambukizwa. Inzi wa usubi huzaliana kwenye mito iendayo kasi. Tukichukua watoto wa shule za barabarani tu, hata 3,000 hawatatueleza hali ya vijiji vya mtoni.