Umebakiza zamu ngapi?

Umeme ulikatika saa mbili usiku. Nikajikuta mkekani na mpwa wangu wa miaka tisa, taa ya chemli pembeni, na katikati yetu ule ubao wenye ludo upande mmoja na nyoka na ngazi upande wa pili. Yeye alikuwa mraba wa 96, mimi nilikuwa 41. "Mjomba, pole, mimi nafika sasa hivi," akaniambia. Akarusha dadu, akaangukia kichwa cha nyoka, akateremka hadi karibu kabisa na mwanzo. Alipomaliza kununa aliuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake usiku ule: "Kwani kweli nilikuwa nimekaribia?"

Swali hilo lina jibu, tena la namba. Ila kulipata kunataka kwanza tuache kuhesabu miraba.

Katika mchezo huu hakuna ufundi. Huchagui kete ya kusogeza wala humzuii mwenzako. Dadu ndiyo inayoamua kila kitu, na dadu haikumbuki ilichotoa zamu iliyopita. Kwa hiyo, kujua yatakayompata mchezaji mbele, jambo moja tu linatosha: yuko mraba gani sasa. Amefikaje hapo, kwa ngazi au kwa kutambaa mraba mmoja mmoja, haibadilishi chochote. Wanahisabati huuita kila mraba ambao mchezaji anaweza kukaa juu yake "hali", na mwendo wa namna hii, unaotoka hali moja kwenda nyingine kwa bahati bila kukumbuka ya nyuma, huuita mnyororo wa Markov. Jina linatoka kwa Andrei Markov, Mrusi aliyeishi kati ya 1856 na 1922. Yeye hakuwa na habari na nyoka wala ngazi. Mwaka 1913 alihesabu herufi 20,000 za shairi refu la Pushkin, akiangalia jinsi irabu na konsonanti zinavyofuatana.

Ubao wa miraba mia ni mkubwa mno kuukokotoa kwa kalamu. Tuchore mdogo wa miraba sita, na badala ya dadu tutumie sarafu: ikionyesha picha unasogea mraba mmoja, ikionyesha namba unasogea miwili. Unaanzia nje ya ubao, na mahali hapo tupaite 0. Ngazi moja inatoka 2 kupanda hadi 4. Nyoka mmoja ana kichwa 5 na mkia 1. Ukifika 6 umemaliza.

Angalia kwamba hakuna anayelala juu ya 2 wala 5. Anayekanyaga 2 hupandishwa papo hapo, na anayekanyaga 5 humezwa. Kwa hiyo miraba hiyo miwili si hali. Zinabaki sehemu nne za kukaa, yaani 0, 1, 3 na 4, pamoja na mwisho wenyewe.

Sasa tunataka kujua, kwa wastani, mchezaji aliye kila sehemu amebakiza zamu ngapi. Tuseme Z1 ni wastani wa zamu zilizobaki kwa aliye mraba wa 1, Z3 kwa aliye 3, na kadhalika. Namba hizo hatuzijui bado, lakini tunajua zinavyohusiana. Mchukue aliye 4. Lazima arushe sarafu mara moja, na hiyo ni zamu moja tayari. Nusu ya bahati anapata namba, anafika 6, habakizi kitu. Nusu nyingine anapata picha, anakanyaga 5, anarudishwa 1, na pale amebakiza Z1. Hivyo:

Z4 = 1 + ½ × Z1

Aliye 3 naye hutumia zamu moja, kisha nusu anakwenda 4, nusu anakanyaga 5 na kuangukia 1. Aliye 1 nusu anakanyaga 2 na kupandishwa 4, nusu anakwenda 3. Anayeanza, nusu anakwenda 1, nusu anapanda ngazi hadi 4:

Z3 = 1 + ½ × Z4 + ½ × Z1
Z1 = 1 + ½ × Z4 + ½ × Z3
Z0 = 1 + ½ × Z1 + ½ × Z4

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu inaonekana kama mzunguko: kuijua Z4 unahitaji Z1, na kuijua Z1 unahitaji Z4. Mzunguko huo ni wa kweli, maana nyoka anakurudisha kweli. Lakini hesabu za darasa la algebra zinautatua bila shida. Iweke Z4 ndani ya mstari wa Z3, upate Z3 = 1.5 + 0.75 × Z1. Kisha ziweke zote mbili kwenye mstari wa Z1:

Z1 = 2.25 + 0.625 × Z1

Ukihamisha, 0.375 × Z1 ni sawa na 2.25, basi Z1 ni 6. Kutoka hapo Z4 ni 4, Z3 ni 6, na Z0 ni 6.

Tazama namba hizo tena. Aliye mraba wa 3 amefika nusu ya ubao, lakini amebakiza zamu 6, sawasawa na yule ambaye hajaingia ubaoni. Mbele yake kuna nyoka anayemngoja, na ngazi imeshapita nyuma yake. Hasara na faida vimelingana kabisa. Ndiyo maana ukiongeza nyoka wa pili mwenye kichwa 3 na mkia 1, wastani wa mchezo haubadiliki hata kidogo. Kumtoa mtu penye 6 na kumpeleka penye 6 si adhabu, hata kama atasonya.

Mwenye shaka na aondoe vitu ubaoni kimoja kimoja, mradi akubaliane na sharti la kumaliza kwa idadi kamili, yaani aliye 5 akipata namba asimame palepale. Ubao mtupu, bila nyoka wala ngazi, unachukua wastani wa zamu 4.875. Ukiweka ngazi peke yake zinapungua kuwa 3.75. Ukiweka nyoka peke yake zinapanda hadi 9.6. Nyoka ameongeza karibu zamu tano, ilhali ngazi haikupunguza hata mbili. Sababu ni kwamba ngazi huisaidia safari mara moja, lakini nyoka hukufanya uirudie, na ukiirudia unapita tena mbele ya mdomo wake.

Neno wastani nalo lina mtego. Kwenye ubao wetu wenye nyoka na ngazi, robo ya michezo huisha kwa zamu mbili tu: namba, halafu namba. Ukifuatilia uwezekano zamu kwa zamu utaona kwamba hadi zamu ya nne nusu kamili ya michezo imekwisha. Mbona basi wastani ni 6? Kwa sababu nusu iliyobaki ina michezo inayojikokota hadi kumi, kumi na tano, mara chache ishirini na zaidi, na hiyo michache inauvuta wastani juu. Mtu akicheza mara moja akamaliza kwa zamu tatu, hajaikosoa hesabu. Acheze mara mia, ajumlishe zamu zote, kisha agawanye.

Ubao mkubwa unafuata njia ileile, ila milinganyo ni mingi. Mchezo wenyewe ni wa zamani, ulizaliwa India kama somo la maadili, ngazi zikiwa wema na nyoka maovu. Waingereza waliuchukua mwishoni mwa karne ya 19. Kampuni ya Milton Bradley ya Marekani iliutoa mwaka 1943 ikiwaondoa nyoka na kuweka mahali pao vibao vya watoto kutelezea. Ubao huo wa Kimarekani una ngazi 9 na vitelezo 10. Ukitoa miraba hiyo 19 isiyokalika na kuongeza sehemu ya kuanzia, zinabaki hali 82. Mwaka 1993 wanahisabati Althoen, King na Schilling waliuchambua katika jarida la Mathematical Gazette. Njia fupi kuliko zote ni ya zamu 7, lakini wastani ni kama zamu 39.

Kwenye ubao huo kuna jambo linalokwenda kinyume na akili ya kawaida. Mraba wa 80 una ngazi inayokupeleka moja kwa moja hadi 100. Ukiongeza ngazi fupi kutoka 79 hadi 81, mchezo unarefuka, kwa sababu umemrusha mchezaji juu ya mlango wa kutokea. Vilevile mraba wa 28 una ngazi ndefu ya kwenda 84, na nyoka mdogo kutoka 29 hadi 27 anaufupisha mchezo, kwa kuwa aliyeikosa ngazi hupewa nafasi ya kuijaribu tena.

Kanuni za nyumbani zinabadilisha majibu, na kila nyumba ina zake. Mkikubaliana kwamba hakuna kuingia bila sita, ongeza zamu 6 kwa wastani kabla hata safari haijaanza. Aliye 99 akingoja moja naye atangoja wastani wa zamu 6, mradi anayepata zaidi anabaki alipo. Pale kwetu tuna kanuni kwamba sita tatu mfululizo zinafutwa. Hiyo inaharibu wepesi wote wa hesabu, kwa sababu kujua mraba hakutoshi tena, lazima ujue pia umeshapata sita ngapi. Inabidi hali iwe mraba pamoja na idadi ya sita, na milinganyo inaongezeka mara kadhaa. Dadu ya mtu anayejua kuirusha kwa ujanja haimo katika hesabu yoyote.

Kuhusu swali la mpwa wangu: pale 96 alikuwa amebakiza miraba minne, lakini zamu alizobakiza zilimtegemea sana yule nyoka aliyelala mbele yake. Nimemwonyesha ubao wa miraba sita na ameuelewa upesi kuliko nilivyotarajia. Jaribu nawe: uache kama ulivyo, ila usogeze mkia wa nyoka kutoka 1 hadi 3. Utapata 6 ileile. Kisha usogeze hadi 4, wastani utashuka hadi zamu 3.75, sawa na ubao usio na nyoka kabisa.