Pushapu Moja, Mabapa Mawili

Muulize mtu aliyezoea jimu pushapu hufanyika katika bapa gani. Wengi watasema la mbele na nyuma, kwa kuwa mtu anasukuma kuelekea mbele. Jibu hilo huwa sahihi au kosa kutegemea viwiko vimekaa wapi.

Bapa ni uso wa kufikirika ambao mkono au mguu huufuata unaposogea. Yako matatu: la mbele na nyuma, la ubavuni, na la mzunguko. Kila moja lina mhimili wake, yaani mstari unaopita kwenye kiungo na kulikata bapa kwa nyuzi 90.

Mhimili ndio unaofichua bapa. Chagua kiungo kimoja, kisha fikiria umekipitisha kijiti cha mshikaki ili mkono au mguu uzunguke hapo. Kijiti kikienda kutoka kulia hadi kushoto, kama kwenye goti unapochuchumaa, bapa ni la mbele na nyuma. Kikipenya kutoka mbele hadi mgongoni, kama begani unapoinua mikono pembeni, ni la ubavuni. Kikifuata urefu wa mwili, kama shingoni unapogeuka kutazama kulia na kushoto, ni la mzunguko.

Sasa rudi kwenye pushapu, utazame bega. Mtu anayetanua viwiko hadi usawa wa mabega, akishuka, mikono yake ya juu huelekea pembeni. Akipanda, huelekea mbele ya kifua. Kijiti cha begani kinatoka upande wa kichwa kwenda miguuni, kwa hiyo hilo ni bapa la mzunguko. Mwenzake anabana viwiko mbavuni. Mkono wake wa juu unaanzia kando ya mbavu na kuishia mbele ya kifua, ukizunguka kijiti cha kulia na kushoto. Hilo ndilo bapa la mbele na nyuma. Wengi wetu huweka viwiko katikati ya hapo, na mwendo wao hauingii kikamilifu katika bapa lolote.

Kinachowapoteza watu zaidi ni sakafu. Pande hupimwa kwa mwili wenyewe, kana kwamba umesimama wima ukitazama mbele, viganja vikielekea mbele. Ukilala ubavu na kuinua mguu kuelekea dari, mguu haujaenda "juu": umeachana na mwenzake kwa pembeni, na kijiti cha nyonga kimetoka mbele kwenda nyuma. Ni bapa la ubavuni, sawa na ungekuwa umesimama.

Ipime ratiba yako kwa njia hii. Kukimbia, kuchuchumaa, kukunja tumbo na pushapu za viwiko vilivyobanwa vyote viko zaidi katika bapa moja la mbele na nyuma. Ikiwa huna kingine, ongeza zoezi la kupiga hatua pembeni na jingine la kuzungusha kiwiliwili.